Eti "nimesamehewa"! Nimesamehewa kosa gani, jamani?

Mtunza Funguo (ameanzisha uzi)

Wana Tanga, naandika huku mkono unatetemeka, makosa ya herufi mtanivumilia.

Yule bwana mnamjua. Sitaji jina. Yule ambaye akipita Ngamiani na baiskeli hata kuku wanampisha. Yule ambaye kikokotoo chake kina mfuko wa kitambaa, ila adabu yake haina hata kiraka. Mnamjua, tuendelee.

Mwezi wa tatu tarehe 3 alinisimamisha kazi. Mifuko 40 ya saruji haionekani stoo, mwenye funguo ni mimi, basi mwizi ni mimi. Nimekaa nyumbani Machi yote na Aprili yote kwa nusu mshahara, laki tatu badala ya laki sita. Mama mkwe ananitazama kama mimi ndiye saruji yenyewe.

Akaja mkaguzi kutoka nje, msichana mdogo tu, akaitafuta ile mifuko kwa asubuhi moja. Haikuwahi kuwepo! Hati ya kupokelea mzigo iliingizwa kwenye kompyuta mara mbili, Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi, namba ya lori ile ile, namba ya hati ile ile. Kompyuta ikasema tuna mifuko 80, sakafuni ipo 40. Na aliyeiingiza hiyo ya Jumatatu ni nani? Mimi sina hata neno la siri la hiyo kompyuta!

Leo naitwa. Nikavaa shati la Iddi. Nafika namkuta anakula mhogo wa kukaanga na pilipili, makuli kumi na kitu wamekaa kwenye magunia wanasubiri lori. Hakuniita ndani. Akaifungua barua pale pale na kuisoma KWA SAUTI: "YAH: KUREJEA KAZINI BAADA YA KUSAMEHEWA."

Kusamehewa! Mbele ya makuli! Wamecheka mpaka gunia moja likapasuka lenyewe. Halafu akanipa barua ina alama ya kidole cha pilipili juu ya hilo neno. Ninayo hapa. Nikiisogeza karibu na macho yananiwasha, sijui ni pilipili au ni uchungu.

Kusamehewa!

Kashata Moto

Kaka, pole, ila uzi wako mrefu kuliko barua. Na shati la Iddi ulilivaa la nini, ulidhani unakabidhiwa kombe?

Mwalimu wa Pangani

Ndugu, tulia. Nusu mshahara ni sheria. Mimi mwaka wangu wa tatu kazini nilisimamishwa, nikapewa nusu, na nilipoonekana sina hatia nikarudishiwa ile nusu nyingine. Hapo hajakosea kitu, subiri tu utalipwa.

Kijana wa Makorora

Wakikufukuza una siku 30 tu za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kimbia kesho asubuhi kajaze fomu namba moja.

Mtunza Funguo

Sijafukuzwa! Nimesamehewa! Hilo ndilo linaloniua!

Babu Utumishi

Vijana, salama? Nimekaa na mafaili ya wafanyakazi miaka 31, nimestaafu, sasa nakunywa kahawa. Nitasema taratibu.

Mwalimu, wewe ni mtumishi wa umma, una kanuni zako. Mtunza Funguo yuko kampuni binafsi. Huko kuna Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali namba 42 la 2007, kanuni ya 27: mwajiri anaruhusiwa kumsimamisha mtu akichunguza tuhuma nzito, lakini kwa mshahara KAMILI. Hiyo nusu haikutakiwa kukatwa tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo asiambiwe "tutakurudishia" kama anayepewa zawadi. Ni deni.

Wewe wa Makorora, siku 30 ni za aliyeachishwa. Mgogoro wa mshahara una siku 60. Umepatia mlango, umekosea saa.

Sasa, mwanangu Mtunza Funguo, acha kidogo hilo neno "kusamehewa", nitalirudia. Barua inasema nini kuhusu fedha na kazi? Ninukulie maneno yenyewe.

Mtunza Funguo

Shikamoo babu. Nanukuu: "Uongozi umetumia busara na kuamua kukusamehe. Utaripoti tarehe 2 Mei na kupangiwa majukumu kadiri itakavyoonekana inafaa. Stahiki zako zitaangaliwa. Unaonywa kuwa makini." Chini imeshachapwa "Nimekubali na ninashukuru", na mstari wa saini.

Majukumu yenyewe ni kuhesabu magari getini. Funguo anazo mpwa wake.

Shangazi Raskazone

Mpwa! Nilijua tu kuna mpwa.

Babu Utumishi

Marahaba. Basi hiyo si barua ya kumrejesha mtu. Hiyo ni adhabu iliyovaa kanzu.

Mtu akisamehewa maana yake alikosa. Barua inaingia kwenye faili, na faili halina macho ya kuona makuli waliokuwa wanacheka. Miaka miwili ijayo ikipotea misumari, atakuja meneja mpya, atafungua, atasoma "alisamehewa, akaonywa", atasema huyu ni mara yake ya pili. Onyo lenyewe halikupitia kikao chochote, kwa sababu hukushtakiwa wala hukusikilizwa. Huwezi kumwonya mtu kwa kosa ambalo uchunguzi umesema halipo.

"Zitaangaliwa" nalo ni neno la mtu asiyetaka kulipa. Hata mwezi unaangaliwa. Barua ya kweli inataja kiasi na siku. Mimi nilikuwa naandika hivi:

"Rejea barua yetu ya tarehe 3 Machi ya kukusimamisha kazi. Uchunguzi umekamilika na haukuonesha kosa lolote kwa upande wako. Hakuna shauri la nidhamu litakaloendelea. Kusimamishwa kwako kumeondolewa kuanzia leo. Unarejea kwenye nafasi yako ya mtunza stoo, kwa majukumu na mshahara ule ule. Shilingi 600,000 zilizozuiliwa, yaani nusu ya Machi na nusu ya Aprili, zitalipwa pamoja na mshahara wa Mei. Muda huo unahesabiwa kuwa ni muda wa kazi na hautagusa likizo yako."

Basi. Nakala kwa mhasibu, maana bosi akisema bila mhasibu kuona karatasi, mshahara hautoki. Nakala kwenye faili. Na kama chama cha wafanyakazi kipo, nacho.

Kashata Moto

Babu kaandika barua nzuri mpaka nimetamani nisimamishwe.

Dada Likizo

Hapo kwenye likizo mmenikumbusha jeraha langu. Mimi nilisimamishwa wiki nne, nikaonekana sina kosa, nikarudi. Mwezi wa kumi naomba likizo, naambiwa "si ulishapumzika mwezi wa sita?" Siku 28 zangu zote zimeliwa! Nilikuwa nimekaa nyumbani nalia, wao wameandika napumzika. Wangu hata mhogo hakula, alinitumia ujumbe wa simu wenye kikaragosi cha kupunga mkono.

Babu Utumishi

Uliomba lini hiyo likizo, binti? Ilikataliwa kwa maandishi?

Dada Likizo

Kwa kikaragosi.

Mtunza Funguo

Babu, kuna jambo. Nimeshasaini.

Kashata Moto

Alaa! Umesaini "ninashukuru"?

Mtunza Funguo

Makuli walikuwa wananitazama! Kalamu alinishikisha yeye, ina mafuta ya mhogo! Ningefanya nini?

Kijana wa Makorora

Imekwisha hiyo. Saini ni saini.

Babu Utumishi

Haijaisha, ingawa umejitilia mchanga kwenye wali. Saini yako haiwezi kuhalalisha makato ambayo kanuni haiyaruhusu. Hayo ya majukumu ndiyo yatakuwa na ubishi, atasema ulikubali geti. Siku nyingine andika kwa mkono "nimepokea tu", weka tarehe, ndipo usaini.

Sasa andika barua yako, ukurasa mmoja, bila matusi na bila pilipili. Omba mambo matatu: neno "kusamehewa" na onyo viondolewe, nafasi yako itajwe, na laki sita ziwekewe tarehe. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa urudi nayo. Kisha fungua taarifa yako ya NSSF. Kama michango ya miezi hiyo ilikatwa kwenye laki tatu, imeingia 60,000 kwa mwezi badala ya 120,000, wako na wa mwajiri kwa pamoja. Watu hukumbuka mshahara wakasahau hiyo.

La mwisho, nalo ni la mtunza stoo. Wakikurudishia funguo kesho, USIZIPOKEE kwanza. Stoo imekuwa mikononi mwa mtu mwingine miezi miwili. Ihesabiwe mbele yenu wote wawili, rafu kwa rafu, mwandike makabidhiano na msaini. Na ile ingizo la Jumatatu lifutwe kwenye kompyuta kabla hujashika chochote. Lisipofutwa, mwezi ujao mifuko 40 itapotea tena, na aliyesamehewa atakuwa ni yule yule.

Mtunza Funguo

Babu nimepiga magoti hapa. Ila na yeye aniombe radhi mbele ya makuli wale wale! Kwa sauti ile ile!

Babu Utumishi

Hilo sikuwahi kuliona kwenye faili lolote, mwanangu.

Mwalimu wa Pangani

Bado nasema nusu mshahara ni sheria.

Shangazi Raskazone

Mwalimu, umeambiwa ni ya kwenu! Halafu mimi nauliza, huo mhogo anaukula wapi? Maana yule muuzaji wa karibu na stendi siku hizi anaweka vipande vinne kwa bei ya sita.

Kashata Moto

Shangazi umegusa penyewe. Vipande vinne, na kimoja ni mzizi.

Dada Likizo

Na pilipili anaongeza maji. Jana nimemwambia, akanijibu "hujalazimishwa".

Kijana wa Makorora

Huyo ni jeuri tangu zamani, hebu mfungulieni uzi wake.