Bafu liko chini ya karo: mashine ya kusaga au shimo la pampu? Naomba ushauri

Jiwe_la_Ziwa

Wakuu habari za jioni. Nipo Mwanza, nyumba imekaa mlimani. Juu ni sebule na vyumba, chini nimepata chumba kizuri ambacho nataka kiwe na bafu lake: choo cha kukaa, beseni la kunawia na shawa. Tatizo ni kwamba karo la maji taka liko upande wa barabarani, juu. Nimepima kwa mpira wa maji: bomba linaloingia kwenye chemba ya karibu liko mita 2.4 juu ya sakafu ya bafu, mfuniko wa chemba uko mita 2.9, na kutoka ukuta wa bafu hadi chemba ni mita 14. Dari la chini ni mita 2.6.

Fundi mmoja anasema ninunue ile mashine ndogo ya kusaga inayokaa nyuma ya choo. Mwingine anasema nichimbe shimo la pampu ndani ya bafu. Kipi kinafaa, na bomba la hewa ni la lazima? Nawasilisha.

Mzee_Karo

Kwa nini usichimbe karo jingine upande wa chini, maji yashuke yenyewe? Pampu ni ugonjwa wa kudumu.

Jiwe_la_Ziwa

Mzee wangu shikamoo. Upande wa chini nina mita 1.2 tu hadi ukuta wa jirani, na gari la kunyonya haliwezi kufika huko.

Bomba_Mbili

Mkuu, umepima vizuri, wengi huja na "kama mita mbili hivi".

Mashine ya kusaga inafaa pale unapoongeza choo kimoja kisichotumika sana na hutaki kuvunja sakafu. Ina visu, inasaga, inasukuma kwa bomba jembamba la milimita 32. Ila ina masharti. Choo lazima kiwe cha kutolea nyuma, siyo cha kutolea chini. Shawa lazima inyanyuliwe, maana maji yake yanaingia kwenye kiboksi kwa mteremko na kiboksi kimekaa juu ya sakafu. Na pedi moja au kitambaa kimoja cha kufutia mtoto kikiingia, visu vinafungwa na mtu anafungua boksi kwa mikono. Karatasi ya choo haina shida, na maji ya kutawadha ndiyo kabisa.

Kwenye boksi lake wameandika inapandisha mita ngapi. Usiisome peke yake. Kwenye bomba hilo jembamba, kila mita 10 za kulala hesabu kama mita 1 ya kupanda. Kwako, ukipanda mita 3 kisha ulaze mita 14, ni 3 na 1.4, yaani mita 4.4. Iliyoandikwa mita 4 itanguruma tu bila kumaliza kazi.

Kwa bafu la kila siku lenye shawa, mimi naenda na shimo la pampu. Tangi la plastiki la duara, upana sentimita 45, kina sentimita 75 hadi 80, mfuniko wenye raba uliofungwa kwa bolti, na pampu ya maji ya choo inayopitisha vipande vya milimita 50. Siyo ile ya kutoa maji ya mvua.

Mtaa_wa_Pili

Bomba la kupandishia weka la inchi nne, halitaziba maisha. Na bomba la hewa halina haja, kuna kofia za kunyonya hewa, unaiweka hapohapo bafuni, hakuna kutoboa paa.

Bomba_Mbili

Mtaa_wa_Pili, inchi nne una haki nusu, nitafika hapo. Kwenye kupanda ni kosa. Uchafu mzito hauelei, unabebwa na mwendo wa maji, na ili ubebwe maji yanatakiwa kwenda angalau sentimita 60 kwa sekunde. Pampu ya lita 2 kwa sekunde kwenye bomba la milimita 50 inatoa mita moja kwa sekunde, safi. Pampu hiyohiyo kwenye inchi nne inatoa kama sentimita 25. Maji yanapanda, mzigo unabaki chini, na baada ya miezi una kizibo juu ya valvu.

Kofia ya kunyonya inaingiza hewa tu, haitoi. Fikiria tangi limefungwa kwa raba. Ukivuta choo, lita 6 zinaingia, kwa hiyo lita 6 za hewa chafu lazima zitoke. Kofia imejifunga. Hewa itapita penye maji machache, yaani kwenye trapu ya shawa. Utasikia shawa inabwabwaja kila mtu akivuta choo, halafu harufu. Pampu ikiwaka ni kinyume chake: inatoa lita 2 kila sekunde, na hewa ya kujaza nafasi hiyo ikikosa njia itanyonya maji ya trapu yote. Bomba la hewa liwe wazi pande zote mbili: milimita 50 kutoka kwenye mfuniko wa tangi, likipanda muda wote bila kushuka popote, hadi juu ya paa. Likiwa na bonde, maji ya mvuke yanakusanyika na kulifunga. Juu weka wavu wa mbu. Na usiliunganishe na bomba la kupandishia, hata kama yanapita ukuta mmoja.

Shangazi_Kodi

Mnisaidie na mimi. Nina shimo la pampu tayari, kwenye nyumba ya kupangisha. Pampu inawaka yenyewe usiku kila baada ya muda mfupi na wapangaji wamelala. Fundi anasema boya la kuwashia pampu limeharibika, anataka niweke jipya. Je, ni kweli?

Bomba_Mbili

Shangazi, usinunue boya bado. Fungua mfuniko wa kuchungulia, mwanga wa tochi, piga alama ya chaki kwenye ukuta wa tangi mara tu pampu inapozima. Maji yakipanda haraka dakika ile ile kisha yakasimama, yanarudi kutoka kwenye bomba la kupandishia: valvu ya kuzuia maji kurudi imebanwa na uchafu. Yakipanda polepole bila kusimama, kuna choo kinachovuja. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usivute, angalia sinki la choo baada ya nusu saa.

Lakini usiinamishe kichwa ndani, na mtu asiingie kwenye shimo lolote kubwa la maji taka kuchokonoa. Ile gesi inaua kabla hujasikia harufu ikiongezeka.

Jiwe_la_Ziwa

Asante mkuu. Sasa bomba langu la kupandishia lipite vipi?

Bomba_Mbili

Panda kwanza, lala baadaye. Toka kwenye tangi, panda wima ukutani hadi mita 3.0 juu ya sakafu ya bafu, yaani juu ya mfuniko wa chemba yako ulio mita 2.9. Sababu ni kwamba karo likijaa, maji yatatokea kwenye mfuniko wa chemba nje kabla hayajavuka kona yako ya juu na kurudi bafuni. Valvu peke yake usiiamini kwa kazi hiyo.

Kutoka kona hiyo shuka, uingie bomba la inchi nne kutokea juu. Hapa ndipo Mtaa_wa_Pili yuko sahihi. Bomba hilo literemke lenyewe hadi chemba, mteremko wa 1 kwa 40. Mita 14 zinakula sentimita 35, kwa hiyo linaanzia mita 2.75. Vipimo vyako vinaruhusu. Usiingize moja kwa moja kwenye karo. Pampu inatupa lita 30 kwa mkupuo mmoja na itavuruga tope lililotulia, kisha tope linahamia kwenye shimo la kunyonya. Kwenye chemba maji yanapoteza kasi.

Ukipanga hivyo, pampu inapandisha mita 3 pamoja na kama sentimita 55 za ndani ya tangi, na msuguano kidogo wa bomba fupi. Weka mita 4. Unatafuta pampu inayotoa lita 120 kwa dakika *ikiwa kwenye mita 4*. Kibandiko kikisema Hmax 8 m na Qmax 200 l/min, hivyo viwili havipatikani pamoja: kwenye mita 8 haitoi kitu. Dai mchoro wa pampu.

Juu ya pampu, mfuatano ni huu: yunioni, valvu ya kuzuia kurudi, halafu geti valvu. Geti ikae juu ili ufunge maji yaliyobaki kwenye bomba kabla ya kufungua valvu, vinginevyo yanakumwagikia. Na toboa tundu la milimita 3 kwenye bomba, chini ya valvu na ndani ya tangi, likielekea chini. Bila hilo hewa inajifungia kwenye pampu: inazunguka, inapata moto, maji hayapandi.

Kijana_Umeme

Kuhusu tundu, pampu nyingine zinakuja nalo tayari kwenye mwili, mwangalie kwanza. Na ongezeni boya la pili la kengele, kwenye saketi tofauti na pampu. Pampu ikikata breka, kengele iliyo saketi moja nayo inanyamaza.

Umeme ukikatika una nafasi ya juu ya boya la kuwashia tu. Kwenye tangi la upana huo, kila sentimita 10 ni kama lita 16, yaani kuvuta choo mara mbili na nusu. Vyoo vya juu viendelee kushuka vyenyewe, msiviingize kwenye tangi hata kwa bahati mbaya.

Jiwe_la_Ziwa

Wakuu, leo tumejaribu kuchimba kona ya bafu. Sentimita 35 tu, tumegonga jabali. Siyo kokoto, ni mwamba wenyewe.

Mtaa_wa_Pili

Mwanza hiyo. Rudi kwenye mashine ya kusaga.

Bomba_Mbili

Au nyanyua sakafu ya bafu ngazi moja, sentimita 20, tangi fupi likae ndani ya hizo 35 pamoja na 20. Dari linabaki mita 2.4. Ila tangi fupi linamaanisha pampu kuwaka mara nyingi, na mota haipendi hivyo.

Kabla ya hapo jibu hili: nje ya ukuta wa chini, ardhi iko chini ya sakafu ya bafu kwa kiasi gani?

Jiwe_la_Ziwa

Kwa macho kama nusu mita. Ile njia ya mita 1.2.

Bomba_Mbili

Basi tangi likae nje. Nusu mita unayo bila kuchimba, bado sentimita 30, na udongo wa kule huenda ni wa kujazia. Choo kitoke ukutani kwa inchi nne, mita moja na nusu inakula sentimita 4 tu. Bomba la hewa linapanda ukuta wa nje, hakuna kutoboa slabu.

Kijana_Umeme

Nje sikubali moja kwa moja. Jua litakula plastiki, na pampu itaibiwa kabla ya sikukuu.

Bomba_Mbili

Jengea tofali, mfuniko wa zege wenye kufuli.

Mzee_Karo

Na jirani akilalamikia harufu mita moja kutoka dirishani kwake?

Jiwe_la_Ziwa

Kesho nashuka na mpira wa maji nipime hiyo nusu mita sawasawa, na nitachoma nondo ardhini nione mwamba unaanzia wapi. Nitarudi na vipimo.