Tupeane uzoefu: kicheko kinafanya nini kwenye sura za msiba ndani ya riwaya?

Msomaji wa Isevya
Wakuu, habari za jioni. Huku Tabora tunasoma kwa zamu ile riwaya ya Kurt Vonnegut ya 1969, Slaughterhouse-Five, ya mateka wa vita waliofungiwa kwenye machinjio namba tano mjini Dresden, Ujerumani. Kila kifo kikitajwa, msimulizi anatupia maneno matatu tu, "So it goes", kwa maana ya "ndo hivyo", kisha anaendelea na habari nyingine. Maneno hayo yanarudi zaidi ya mara 100. Nusu yetu wanacheka, nusu wanasema ni kuwadharau maiti. Mliozoea riwaya za namna hii, kicheko kile kina kazi gani?

Mwalimu wa Gungu
Kumpumzisha msomaji. Huzuni ikizidi, mtu anafunga kitabu, kwa hiyo anachekeshwa kidogo apate pumzi. Dresden ilipopigwa mabomu mwaka 1945 walikufa watu 135,000. Nani angevumilia bila utani?

Bi Kitete
Kaka wa Gungu, hiyo ya kupumzisha ni kweli kwa tamthilia, ambako mlevi anaingia jukwaani baada ya mauaji. Huyu hafanyi hivyo. Kicheko chake hakikai kati ya kifo na kifo, kimekaa juu ya kifo chenyewe. Hapo hakuna mapumziko.

Angalieni anavyoyagawa yale maneno. Anayaweka kwa watu waliouawa, sawa. Anayaweka pia kwa chawa wanaokufa wakati nguo za mateka zinapofukizwa dawa, na kwa shampeni iliyokwisha gesi. Kuna mahali Billy, yule mhusika mkuu, yupo hospitali, na kando ya kitanda ipo glasi ya maji yaliyokaa muda mrefu. Msimulizi anasema maji yamekufa, anatia maneno yake matatu, kisha anaonyesha vipovu vya hewa vilivyoganda kwenye kioo, vimekosa nguvu ya kupanda juu vitoke. Msomaji anacheka, maana maji hayafi. Lakini yule kwenye kitanda naye amelala hivyo hivyo, hana nguvu ya kupanda. Mwandishi hakusema Billy ameumia. Amesema maji, na sisi tumemwona Billy.

Jaribuni hivi: funikeni yale maneno matatu kwa kidole, msome aya tena. Bila hayo inakuwa orodha ya vifo, na jicho linateleza. Yakiwepo, kila kifo kinakugonga begani. Ukikutana nayo mara ya 60 hucheki tena, ila mwili umeshazoea kusimama hapo. Ndicho alichokuwa anakitafuta.

Kijana wa Ujiji
Kweli kabisa, ile glasi hainitoki.

Shekhe Mtulivu
Mwalimu, hiyo 135,000 imo kitabuni lakini si sahihi. Tume ya wanahistoria iliyoundwa na jiji la Dresden ilimaliza kazi mwaka 2010 na kupata watu wasiozidi 25,000.

Mwalimu wa Gungu
Basi kitabu kimedanganya.

Shekhe Mtulivu
Hakikudanganya, kilichukua hesabu iliyokuwa ikisambaa enzi hizo. Na uzito wa riwaya hauko kwenye hesabu. Yule mwalimu wa sekondari aliyekuwa mateka pamoja na Billy, Edgar Derby, ni mmoja tu, na ndiye anayeumiza.

Mama Wawili
Samahani, naomba vichekesho vya kusema Jumamosi, nimepewa kuongea kwenye arobaini ya jirani. Visiwe vya matusi.

Mtani wa Urambo
Dada, hapa ni habari za riwaya, lakini swali lako limegusa penyewe. Je, wewe ni mtani wao? Kama si mtani, usichekeshe. Kwetu Unyamwezi mtani ndiye anayeweza kuvaa koti la marehemu, akatembea kama yeye, akakohoa kama yeye, hata akajilaza kaburini mpaka apewe hela. Wafiwa wanacheka huku machozi yanatiririka, kwa sababu kwa dakika moja wamemwona mtu wao. Ndugu wa damu akifanya vile vile, ni aibu ya ukoo.

Kwenye riwaya nako tuulize ruhusa hiyo kaipewa nani. Vonnegut mwenyewe alikuwa mateka Dresden, akanusurika ndani ya machinjio yale, na baadaye akatumwa pamoja na mateka wenzake kutoa maiti kwenye vifusi. Sura ya kwanza anatuambia alikuwepo. Ameweka uanachama wake mezani kabla ya utani wa kwanza.

Bint Mwanga
Sikubaliani na wewe, kaka. Mtani hakufiwa, ndiyo maana anapewa kazi hiyo. Vonnegut kafiwa. Kwa mfano wako huo, yeye ni ndugu wa damu anayejilaza kaburini.

Mtani wa Urambo
Hapo umenibana. Nitarudi.

Kijana wa Ujiji
Mimi naomba msaada wa tafsiri. Tunasomaje yale maneno kwa Kiswahili? Nimeweka "kazi ya Mungu haina makosa".

Bi Kitete
Hapana, mdogo wangu. Hiyo inafariji, na yeye anakataa kufariji. Pia ni ndefu, ikirudi mara 100 msomaji atachoka. Asili yake ni silabi tatu. "Ndo hivyo" nayo ni silabi tatu, na watu wanaisema kweli wakiwa hawana la kuongeza.

Bint Mwanga
"Basi tena" ina uchungu zaidi.

Bi Kitete
Uchungu ndio shida yake. Neno likijihurumia lenyewe, msomaji anabaki hana kazi.

Fundi Maneno
Mimi naandika yangu na nimekwama kwenye sura ya matanga. Nimemtia mjane maneno ya kuchekesha, na kila anayesoma anasema mjane hana moyo.

Shekhe Mtulivu
Mwondolee mjane utani, uhamishie kwenye vitu. Msibani kuna turubai, masufuria ya kuazima, daftari la rambirambi. Mfano: katibu anasoma daftari kwa sauti, nani katoa 5,000, nani katoa kilo mbili za mchele. Anafungua ukurasa wa nyuma, anasoma madeni ya msiba uliopita kwa sauti ile ile, na jina la kwanza ni la marehemu, bado anadaiwa 3,000. Watu wanacheka. Mjane anafungua fundo la kanga, anahesabu, analipa. Hapo acha. Usiandike kwamba alilia, wala kwamba kicheko kilikatika. Ukieleza tu, imeharibika.

Mwalimu wa Gungu
Mbona Vonnegut anaeleza mapema? Derby tunaambiwa tangu mwanzo atapigwa risasi kwa sababu ya birika la chai.

Shekhe Mtulivu
Swali zuri, mwalimu. Anaeleza tukio, haelezi uchungu. Kitabu kizima tunamjua Derby ni mfu anayetembea, kila wema wake unakwaruza. Zamu yake ikifika, anakamatwa na birika, anashitakiwa, anapigwa risasi, maneno matatu, basi. Sentensi chache kabisa.

Bi Kitete
Na angalieni Billy analia wapi. Si kwa watu. Vita vimekwisha, amepanda gari la kukokotwa na farasi, mume na mke wa makamo, Wajerumani, wanamwonyesha wale farasi: midomo inatoka damu, kwato zimepasuka, wana kiu. Hakuwa ameona. Ndipo analia, mara pekee katika vita nzima.

Mtani wa Urambo
Nimerudi. Bint Mwanga, nadhani ndiyo maana ilimchukua zaidi ya miaka 20 kukiandika. Alisubiri mpaka aweze kumwangalia yule kijana wa 1945 kama mtani anavyomwangalia marehemu.

Bint Mwanga
Sijashawishika. Kama angekuwa amefikia umbali huo, asingerudia yale maneno mara zote hizo.

Mama Wawili
Nimeuliza nyumbani. Sisi si watani wao. Nitasoma dua tu.