Tupeane uzoefu: nyumbani kwenu akiba ilihamia kwenye dola lini?

Mama wa Katuba
Jana kijana wangu kaniuliza kwa nini mshahara ukiingia naubadilisha kuwa dola siku ileile, na sokoni nanunua kwa franga ya Kongo. Ndugu wa Lubumbashi, Likasi, Goma na Bukavu, tuwaeleze hawa watoto. Kwenu ilianza lini?

Mtoto wa Kipushi
Umenikumbusha baba. Aliachishwa kazi mgodini mwaka 1991, wakamlipa kwa zaire, pesa ya nchi enzi zile, mabunda ya kujaza sanduku la chuma. Alikuwa amepanga kununua mabati ya nyumba nzima. Mama akamwambia nunua leo. Baba akataka amngoje mdogo wake atoke Likasi waje wachague pamoja. Alipofika, bei ilikuwa imeruka, wakaona bora wasubiri ishuke. Haikushuka. Pesa ya mabati tuliila unga.

Januari 1993 Mobutu akalipa askari kwa noti mpya ya zaire milioni 5. Étienne Tshisekedi, aliyekuwa waziri mkuu, akasema si halali, wenye maduka wakaikataa, na askari waliolipwa kwa noti hizo wakaingia mitaani Kinshasa kupora. Noti ile ilikuwa kama dola 2. Zaire ilipoanza mwaka 1967, zaire MOJA ndiyo ilikuwa dola 2! Oktoba 1993 ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Baba hakuweka tena akiba ya pesa ya nchi mpaka anafariki.

Fundi wa Kasapa
Sanduku la chuma. Kwetu pia lilikuwepo.

Mzalendo wa Bukavu
Poleni, lakini nyinyi wenyewe ndio mnaiangusha franga. Mngeikataa dola wote, ingesimama.

Kambisti Mstaafu
Mzalendo, umeshika nusu. Kila mtu akikimbilia dola, franga inazidi kulegea, hilo kweli. Lakini enzi zile serikali ilikuwa inachapisha noti kufidia kodi isiyokusanywa. Na Kabila mzee alijaribu unachosema: Januari 1999 alipiga marufuku biashara kwa fedha za kigeni. Dola zikaingia chini ya magodoro, sisi makambisti tukawa tunabadilisha pesa nyuma ya milango, bidhaa zikaadimika. Mwaka 2001 mwanawe akaiondoa marufuku hiyo.

Sasa tazama nyumba ya kawaida. Mwaka 2022 dola ilikuwa kama franga 2,000. Mama aliyeweka 600,000 alikuwa na dola 300, yaani kodi ya miezi mitatu kwa nyumba ya dola 100. Mwisho wa 2023 dola ilikaribia 2,700. Pesa ileile ikawa dola 222. Hajaigusa, na mwezi wa tatu haupo tena. Mwenye nyumba anadai dola, shule nyingi za watu binafsi pia, na unga unaopita Kasumbalesa muuzaji anaupigia hesabu ya dola kila asubuhi. Akiba lazima ifanane na deni.

Mzalendo wa Bukavu
Na franga ilipopanda ghafla mwishoni mwa 2025? Wenye dola walilia.

Kambisti Mstaafu
Walilia wa mishahara ya dola wanaokula kwa franga, maana bei sokoni hazikushuka haraka hivyo. Aliyedaiwa dola hakupoteza. Ndiyo maana pesa ya chakula cha mwezi huwa nawaambia iacheni kwenye franga.

Mpangaji wa Kigoma
Huku kwetu mwenye nyumba kudai dola ni kosa tangu Machi 2025. Mshitakini!

Mama wa Katuba
Kaka, hiyo ni sheria ya Tanzania. Huku dola ni pesa ya kila siku.

Dada wa Goma
Mnazungumzia dola kana kwamba zikishakuwa dola basi. Mimi zangu zilikuwa benki. Januari 2025 mji ulipoingiliwa, benki zikafunga. Kwenye simu naona salio, mkononi sina nauli. Mtoto alikuwa na homa, nikauza friji kwa bei ya kutupa. Jirani yangu aliyezificha ukutani alivuka mpaka na wanawe. Sitaki kusikia habari ya benki.

Fundi wa Kasapa
Pole sana dada.

Mtoto wa Kipushi
Pole dada. Ila ukutani kuna mchwa na wezi. Gawanya.

Muuza Vitenge
Mimi niliweka ndani ya mto. Noti ya 100 ikachanika pembeni kidogo tu, kila kambisti akaikataa, wa mwisho akanipa 80. Franga iliyochakaa mpaka imekuwa kitambaa wanaipokea! Mkipokea dola ishikeni juu ya mwanga, pitisheni kidole pembe zote nne, kisha laza ndani ya kitabu, usiikunje.

Mzalendo wa Bukavu
Nunueni mbuzi, mbuzi hachaniki.

Muuza Vitenge
Mbuzi anakufa, kaka. Likelemba ya dola ndiyo salama, mama kumi, kila mwezi mmoja anapokea.

Dada wa Goma
Ya kwetu ilivunjika Januari ileile. Mwekahazina alikimbia vita na mfuko, na mpaka leo hatujui kama yuko hai.