Naomba ushauri: namuunganishaje Weber na huduma za umma zinazochelewa?

Wakuu, naandika insha kuhusu ucheleweshaji wa huduma za umma na nimekwama katikati.

Mwanasosholojia Max Weber anaeleza kuwa katika mamlaka ya kisheria tunatii kanuni na cheo, si mtu aliyekikalia. Hapo sina shida. Mfano wangu ni ombi la kibali: karani analirudisha kwa sababu nakala ya cheti haina mhuri, ingawa cheti halisi kiko mezani mbele yake. Mhuri uliwekwa ili kuthibitisha ukweli, na ukweli anauona kwa macho, lakini akikubali bila mhuri ataulizwa yeye. Mwanasosholojia Robert Merton, mwaka 1940, aliita hali hii kuhama kwa lengo: njia inageuka kuwa lengo.

Mwalimu wangu amenikosoa kwa kuweka rushwa aya hiyohiyo. Nadhani ana haki, maana karani anayeomba hongo anavunja kanuni, wakati huyu wangu anaishika kupita kiasi.

Je, rushwa niitengee sehemu yake, kama cheo kilichogeuzwa mali binafsi? Na ni sahihi kusema kasoro ya kushika kanuni kupita kiasi inazaliwa na kanuni zenyewe, ikiwa Weber alichora kielelezo cha kinadharia tu cha urasimu?