Mchuzi wa nyama: kukaanga kwanza, kuchemsha kwanza, au kutumbukiza vyote pamoja?

Binti_Kilimo: Habari za jioni wapendwa. Nina kilo moja ya nyama ya ng'ombe. Bibi anasema niikaange kwanza kwa moto mkali ili ijifunge na maji yake yasitoke. Jirani anasema nichemshe kwanza. Ipi inaacha nyama ikiwa na majimaji?

Baba_Jose: Msikilize bibi. Gamba la juu linazuia maji. Mimi nikitumbukiza nyama mbichi kwenye mchuzi, unapooza, hauna ladha kabisa.

Mzee wa Sufuria: Kwenye ladha uko sawa, kwenye maji hapana. Ile chwaaa unayoisikia kikaangoni ni maji ya nyama yanageuka mvuke. Gamba lingekuwa limefunga, kikaango kingenyamaza. Dhana hii ilienezwa na mkemia Mjerumani, Justus von Liebig, miaka ya 1840, na haijatoka jikoni hadi leo.

Nimeshapima kwa mizani. Steki mbili, gramu 250 kila moja. Moja nilikaanga kisha nikaitia oveni, nyingine ilianza oveni ikamalizia kikaangoni. Zote nilizitoa katikati zikiwa na nyuzi joto 57. Ya kwanza ilibaki gramu 203, ya pili 206. Nyama hukauka kwa sababu joto likifika ndani inajikunja na kujikamua, iwe na gamba au isiwe nalo.

Kaanga, lakini kwa ajili ya rangi ile ya kahawia. Hapo ndipo protini na sukari kidogo iliyomo kwenye nyama huungana kwa joto na kuzaa harufu ambazo nyama mbichi haina.

Mama Twins: Mbona yangu nikikaanga inaogelea kwenye maji na kuwa ya kijivu? Au wananiuzia ya barafu?

Mzee wa Sufuria: Dada, unatia kilo nzima kwa mkupuo? Maji hayapiti nyuzi 100, na kahawia inataka kama 140. Maadamu kuna maji pale chini, unachemsha tu. Futa vipande kwa kitambaa, pasha mafuta, kaanga kwa mafungu matatu na usigeuzegeuze. Ukoko wa kahawia ukishika chini, mimina maji kikombe kimoja uukwangue, huo ndio mchuzi. Ukiwa mweusi umwage, ni mchungu.

Shangazi Moro: Kwetu tunachemsha kwanza na tangawizi mpaka ilainike, ndipo tunakaanga. Nyama zetu ngumu hizi! Na rangi inapatikana vizuri tu.

Mzee wa Sufuria: Inapatikana, shangazi, maana maji mengi yameshatoka. Ila ladha nyingine imebaki kwenye supu.

Shangazi Moro: Supu simwagi, mwanangu, naunga nayo mchuzi. Na gamba langu linaliwa likiwa kavu, lako limelowa saa mbili sufuriani.

Baba_Jose: Hapo kwa shangazi nimeyumba. Ila bibi yangu siwezi kumwambia kakosea.

Binti_Kilimo: Nagawa nusu kwa nusu. Ya bibi iko jikoni tayari, fungu la pili, na kweli bado inalia chwaaa.