Ukarabati wa DNA: hizi njia tatu mnazilinganisha kwa kigezo gani?

Mwalimu_Urambo: Shikamooni. Nafundisha baiolojia kidato cha sita. Wanafunzi wananichanganyia njia tatu: kusahihisha herufi zisizoendana, kukata kipande chenye kidonda, na kuunga DNA iliyokatika nyuzi zote mbili. Nianzie wapi?

Maabara_Kigoma: Marahaba mwalimu. Mimi huuliza: seli inapata wapi nakala ya kufuata? Jua la mchana hugandanisha thaimini mbili zilizo jirani kwenye uzi mmoja. Uzi unapoteza umbo lake, kwa hiyo upande wenye kidonda unajulikana. Seli inakata kabla na baada yake, inatoa kipande cha nyukleotidi kama 30, inajaza pengo kwa kufuata uzi wa pili, ambao ni mzima.

Herufi zisizoendana zina ugumu wake. DNA ikinakiliwa, G inaweza kuwekwa mbele ya T. Hakuna iliyoharibika hapo, zote nzima! Seli ikisahihisha uzi wa zamani, kosa ndilo linalobaki. Bakteria E. koli huutambua uzi wa zamani kwa alama za methili kwenye mfuatano wa herufi GATC, maana uzi mpya bado haujawekewa. Sisi binadamu hatutumii alama hizo. Mipasuko iliyomo kwenye uzi mpya ndiyo inayoelekeza.

Mzee_Nguruka: Basi nyuzi zote mbili zikikatika hakuna nakala, seli inakufa.

Maabara_Kigoma: Inaweza kufa, mzee wangu, ila si lazima. Kama DNA ilishanakiliwa, kromatidi dada, yaani nakala pacha ya kromosomu, ipo, na protini ya BRCA2 husaidia ncha iliyokatika kuisoma. Kabla ya hapo, ncha huunganishwa hivyo hivyo, na mara nyingine herufi chache hupotea. Mimi naogopa zaidi ncha za kromosomu mbili tofauti zikiungwa pamoja, kwa sababu seli inaweza kuishi na kosa hilo.

Mama_Wawili_Tabora: Samahani, mwanangu ana ualbino. Ina maana hana hiyo njia ya kukata kipande?

Nesi_Kasulu: Hapana dada, anayo. Anachopungukiwa ni melanini, kwa hiyo miale mingi inafika kwenye seli na vidonda vinazidi kasi ya ukarabati. Wanaozaliwa na hitilafu kwenye njia yenyewe wana ugonjwa mwingine, zeroderma pigmentosamu. Mvalishe kofia pana na mikono mirefu, umpake mafuta ya kukinga jua, na kidonda cha ngozi kisichopona kionwe hospitali mapema.

Mwalimu_Urambo: Na unakilishaji ukifika kabla kidonda hakijakatwa?

Maabara_Kigoma: Kipo kimeng'enya kinachopita juu ya kidonda. Kwenye thaimini mbili huweka A mbili, na ni sahihi. Shida ni saitosini mbili zilizogandana: mara nyingi huishia CC kugeuka TT. Ukiikuta hiyo kwenye jeni ya p53 ya saratani ya ngozi, mshuku jua.

Mzee_Nguruka: Lakini ncha zikiungwa bila nakala, seli inajuaje zipi ni za pamoja?

Maabara_Kigoma: Haisomi, mzee. Inategemea zaidi ncha hizo kubaki karibu karibu.