Mliokiri kosa ili mtoke mahabusu, tupeane uzoefu

Mleta mada: Nilikaa ndani miezi 19. Nilikuwa mhasibu msaidizi, hesabu za ghala zikapungua milioni 46. Shitaka la kwanza lilikuwa kusababisha hasara. Wakaongeza utakatishaji fedha, na hilo halina dhamana. Kila baada ya siku 14 tunapanda karandinga, tunaambiwa upelelezi haujakamilika, tunarudi. Tangu sheria ya makubaliano ya kukiri kosa iingie hapa Tanzania 2019, swali la gerezani ni moja: "Umeshaandika barua?"

Nikamwandikia mwendesha mashtaka kuomba makubaliano. Tukakubaliana utakatishaji ufutwe, nikiri hasara, nirudishe milioni 30. Mke wangu akauza kiwanja. Hakimu akaniuliza kama nimelazimishwa, nikasema hapana. Ningesema nini? Nikaachiwa kwa sharti nisitende kosa miezi 12. Hadi leo sijui kama ushahidi wao ungesimama.

Bodaboda Mstaafu: Pole kaka. Mimi yangu niliimaliza polisi, nikamlipa mwenye pikipiki. Ni kitu hicho hicho tu.

Wakili wa Pembeni: Siyo, ndugu yangu. Wewe mlisuluhishana, mlalamikaji akaacha. Mwenzako ametiwa hatiani, na itamfuata akiomba kazi.

Mleta mada, kinachoniudhi ni hiki: mwendesha mashtaka ndiye anayechagua shitaka, na shitaka ndilo linaloamua kama utapata dhamana. Kisha huyo huyo mnakaa naye meza moja kujadiliana. Hakimu hashiriki mazungumzo, analetewa karatasi. Sheria inaruhusu kuomba makubaliano yatenguliwe kama hukukubali kwa hiari, lakini wewe ulishasema "hapana" na imeandikwa kwenye mwenendo wa kesi.

Mama Vikoba: Na sisi tulioibiwa? Mweka hazina wetu alikula milioni 8, wakakubaliana naye arudishe 5. Tulisikia kwa jirani! Nilichukia. Ila kuna kikundi cha mtaa wa pili, kesi yao ina mwaka wa sita na hawajaona hata mia. Sijui nani kapata nafuu.

Mkenya wa Voi: Kwetu sheria hii iko tangu 2008, na katiba yetu inampa mshtakiwa haki ya dhamana hata kwa mauaji, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Lakini mwenye pesa za bondi anatoka na kupigana na kesi akiwa nyumbani. Asiyenazo anakiri. Kwa hiyo sijui kama dawa ni kufungua dhamana pekee.

Bodaboda Mstaafu: Wakili, mdogo wangu yuko ndani kwa dawa za kulevya. Naye aandike barua?

Wakili wa Pembeni: Inategemea. Zikiwa na thamani ya zaidi ya milioni 20 sokoni, hakuna makubaliano. Kadhalika ugaidi, uhaini, na makosa ya ngono dhidi ya walio chini ya miaka 18.

Bodaboda Mstaafu: Hiyo bei ya sokoni anaipanga nani?